Mkopo wa Milioni 100 Unaodaiwa 180

Kila msimu wa mitihani ya fedha na uhasibu swali hili hurudi, likibadilishwa maneno tu: eleza migongano ya kiuwakala kati ya wanahisa, mameneja na wadai, kisha onyesha mikataba inayoipunguza. Na kila msimu majibu ninayosahihisha hufanana kama yametoka tumbo moja. Mameneja ni wabinafsi. Wanahisa wana tamaa. Wadai wanaonewa. Dawa ni bonasi, wakaguzi na masharti ya mkopo. Mtahiniwa anaorodhesha, anapiga mstari chini, anageuza ukurasa.

Huwezi kumpa sifuri mtu wa namna hiyo, lakini huwezi kumpa alama nyingi pia, kwa sababu hajaeleza kitu. Tabia mbaya ipo kila mahali, hata kwenye vikoba na kwenye kamati za harusi. Swali linahusu jambo jingine: hata watu watatu waadilifu wakiwekwa katika viti hivi vitatu, watavutana. Kinachowavuta ni namna kila mmoja anavyolipwa.

Tuanze na mdai. Amekopesha, anadai deni lake na riba. Kampuni ikifanikiwa kupita kiasi, hapati hata senti ya ziada. Ikianguka, anapoteza. Mwanahisa yuko kinyume chake: anakula kinachobaki baada ya wadai kulipwa. Kikibaki kingi, chote ni chake. Kisipobaki kitu, anapoteza hisa zake na kwenda nyumbani, wala hakuna wa kumfuata kudai nyumba yake, maana dhima yake ina ukomo. Meneja naye hulipwa mshahara, marupurupu na heshima ya cheo. Mwanahisa anaweza kuwa na hisa katika kampuni kumi. Meneja ana kazi moja. Ndiyo maana mara nyingi meneja ni mwoga kuliko waajiri wake wanavyopenda, jambo ambalo watahiniwa wachache sana hulikumbuka.

Michael Jensen na William Meckling, wachumi wa Marekani, waliliweka jambo hili katika makala yao ya mwaka 1976, ambayo hadi leo kila kitabu cha fedha kinaitegemea. Walihesabu gharama za uwakala katika mafungu matatu: gharama ya kumchunga wakala, gharama anayoingia wakala mwenyewe ili aaminike, na hasara inayobaki hata baada ya hayo yote. Fungu la tatu ndilo watu husahau. Hakuna mkataba unaomaliza mgongano wote. Unapunguza, kisha unaishi na mabaki.

Darasani huwa naeleza kwa lori na ufuta. Mfano ni wa kubuni, lakini hesabu zake ni za kweli.

Kuna mfanyabiashara Lindi ana kampuni ndogo. Hana mtaji, ila ana nafasi mbili za biashara, na kila moja inataka shilingi milioni 100. Ya kwanza ni lori lenye kazi ya uhakika ya kubeba mizigo. Mwisho wa mwaka, tukijumlisha mapato na thamani ya lori lenyewe, anakuwa na milioni 120. Ya pili ni kununua ufuta, kuuweka ghalani na kusubiri bei. Bei ikipanda anapata milioni 200. Ikianguka anabaki na 20. Tuseme uwezekano ni nusu kwa nusu, kwa hiyo wastani wa ufuta ni milioni 110. Kwa nchi, kwa kampuni, kwa mtu yeyote anayetazama mali nzima, lori ni bora kwa milioni 10.

Sasa benki inamkopesha milioni 100 na kutaka irudishiwe milioni 100. Riba tumeiweka kando ili hesabu iwe nyepesi. Akinunua lori, benki inapata 100 yake, naye anabaki na 20. Akinunua ufuta na bei ikapanda, benki inapata 100, naye 100. Bei ikianguka, benki inachukua 20 iliyobaki, yeye hapati kitu. Wastani wake yeye ni milioni 50. Wastani wa benki ni 60.

Mwanafunzi mmoja, binti aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la vipuri mchana na kusoma jioni, aliinua mkono hapo.

“Mwalimu, basi atanunua ufuta.”

“Kwa nini?”

“Hamsini si kubwa kuliko ishirini? Na bei ikianguka, hasara ni ya benki.”

Ndivyo. Amechagua biashara mbovu zaidi kwa akili timamu kabisa. Yeye ameongeza 30, benki imepoteza 40, na milioni 10 hakuna aliyeipata. Hiyo 10 ndiyo gharama ya uwakala. Kitendo chenyewe vitabu hukiita kubadilisha mali au kuhamisha hatari: unakopa kwa jina la lori, unanunua ufuta.

Wengi huishia hapo wakiionea benki huruma. Lakini benki nayo inajua kuhesabu. Kama haiwezi kumzuia, itachukulia tangu mwanzo kwamba atanunua ufuta, na itapanga deni kwa msingi huo. Ni deni kiasi gani litakaloirudishia benki milioni 100 kwa wastani? Nusu ya uwezekano inapata 20 tu. Kwa hiyo nusu ya pili lazima ilete 180. Mkopo wa milioni 100 unadaiwa 180.

Angalia kinachofuata. Mtu anayedaiwa 180 hawezi tena kununua lori hata akitubu, maana lori linaleta 120 na zote zinaishia benki. Riba kubwa iliyotozwa kwa kuogopa ufuta imemlazimisha kwenda kwenye ufuta. Na faida yake sasa? Bei ikipanda, 200 kutoa 180 ni 20, ikianguka, sifuri. Wastani wake ni milioni 10. Angekopa kwa 100 na kununua lori angepata 20. Ile milioni 10 iliyopotea imemrudia yeye mwenyewe, mkopaji.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu la mtihani. Masharti ya mkopo huonekana kama kamba ambayo benki imemfunga mteja. Kumbe mteja mwenye akili anaiomba kamba hiyo. Akiweza kuthibitisha kwamba fedha itanunua lori na si kingine, anakopa kwa 100 badala ya 180. Ndiyo maana benki hulipa muuza magari moja kwa moja badala ya kukupa fedha mkononi, na kushikilia kadi ya gari mpaka deni liishe. Watu hudhani kadi ile ni ya kulipa deni mambo yakiharibika tu. Kazi yake nyingine ni kulizuia lori lisigeuke ufuta katikati ya mwaka.

Upo pia ugonjwa wa pili, nduguye huu, ambao Stewart Myers aliueleza mwaka 1977. Tuseme kampuni hiyohiyo imekwama, inadaiwa 100 na mali yake yote haifiki 70. Injini ya lori imekufa. Kuitengeneza ni milioni 10, na ikitengenezwa itaongeza thamani kwa milioni 15. Kila mtu angesema itengenezwe. Mwenye kampuni anakataa kutoa 10 yake mfukoni, na ana sababu: hata mali ikipanda hadi 85, yote ni ya benki. Lori linaachwa liote kutu. Hapa masharti ya kukataza hayasaidii, kwa sababu huwezi kumkataza mtu kutofanya kitu. Kinachosaidia ni kukaa chini na kulipunguza deni, au kuligeuza kuwa hisa. Kenya Airways ilipitia njia hiyo mwaka 2017: benki zilizokuwa zikiidai zilikubali hisa badala ya sehemu ya madai yao, zikaziweka chini ya kampuni moja iliyojikuta na asilimia 38.1 ya shirika, na serikali ya Kenya ikawa na asilimia 48.9. Wanahisa wa zamani walibaki na kipande chembamba.

Wizi mwingine ni rahisi kuueleza: kampuni inakopa kisha inajigawia gawio nono, au inaongeza mikopo mipya juu ya ya zamani mpaka mdai wa kwanza anajikuta anagombania mali ileile na wageni. Kwa hayo, mikataba ina sharti la kikomo cha gawio, kikomo cha deni jipya, na sharti la kutoweka dhamana kwa mdai mwingine bila kumpa wa kwanza haki ileile. Yanajieleza.

Lakini masharti huziba tundu lililotajwa tu. Sijui mfano unaoonyesha hilo vizuri kuliko kampuni ya sigara na biskuti ya Marekani, RJR Nabisco, mwaka 1988, kwa sababu pande zote tatu zilionekana uwanjani kwa wakati mmoja.

Mkurugenzi mtendaji alikuwa Ross Johnson. Kampuni ilikuwa na ndege zake binafsi zipatazo kumi, na katika uwanja wa ndege wa Atlanta ilijengewa banda la fahari. Waandishi Bryan Burrough na John Helyar, waliosimulia mkasa huo katika kitabu chao cha mwaka 1990, wanaeleza hata jinsi mbwa wa Johnson alivyosafirishwa kwa ndege ya kampuni akiwa ameandikwa kwenye orodha ya abiria kwa jina linalofanana na la mtu. Hapa mgongano wa meneja na mwanahisa hauhitaji maelezo. Senti ya mbwa ilitoka kwa wanahisa. Raha ilikuwa ya Johnson, ambaye hisa zake katika kampuni zilikuwa kama tone ndani ya bahari.

Hisa zilikuwa zikiuzwa kama dola 56. Oktoba 1988 Johnson na washirika wake walipendekeza kuinunua kampuni nzima kwa dola 75 kwa hisa, kwa fedha za kukopa. Fikiria: meneja, ambaye kazi yake ni kuwatafutia wanahisa bei kubwa, sasa ndiye mnunuzi anayetaka bei ndogo. Hakuna wakala aliyewahi kuwa na maslahi yaliyogongana waziwazi kuliko huyo. Dawa iliyotumika ni ile iliyomo kwenye sheria za kampuni popote: kamati ya wakurugenzi wasiohusika na upande wa ununuzi ikachukua usukani na kukaribisha wanunuzi wengine. Kampuni ya uwekezaji ya KKR ikaingia. Mnada ukaenda hadi dola 109 kwa hisa kutoka KKR, na 112 kutoka kwa kundi la Johnson. Kamati ikachagua 109, kwa kuwa sehemu ya malipo hayo ilikuwa ya karatasi na zile za KKR zilikuwa na ulinzi bora wa thamani. Jumla ilikaribia dola bilioni 25. Johnson aliondoka na kiinua mgongo cha makumi ya mamilioni ya dola, kilichokuwa kimeandikwa kwenye mkataba wake kwa ajili ya siku kampuni itakapobadili mikono.

Kiinua mgongo hicho huwakera watu, na mimi pia. Hata hivyo kina mantiki yake. Meneja anayejua kwamba kampuni ikinunuliwa yeye yuko nje bila kitu, atapigana na kila mnunuzi, hata anayeleta bei maradufu. Wanahisa wanamlipa ili asizuie mlango. Swali ni kiasi tu, na kiasi hicho mara nyingi hupangwa na wakurugenzi ambao meneja mwenyewe aliwachagua.

Wanahisa wakafurahi. Upande wa pili wa ukumbi walikaa wenye hatifungani za RJR Nabisco, waliokuwa wamekopesha kampuni imara yenye daraja la juu la ukopaji. Walipoamka siku ile ya Oktoba, hatifungani zao zilikuwa zimeshuka thamani kwa karibu asilimia 20. Hakuna malipo yaliyokosekana, hakuna riba iliyochelewa. Kilichobadilika ni kwamba mdaiwa wao alikuwa anakwenda kubebeshwa karibu dola bilioni 19 za deni jipya. Lori lao lilikuwa limegeuka ufuta.

Kampuni ya bima ya MetLife, iliyoshika hatifungani hizo zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 340, ikaenda mahakamani New York. Hoja yake: mkataba wa mkopo hausemi wazi kwamba deni kama hili limekatazwa, lakini kila mkataba una sharti lisiloandikwa la nia njema, na kitendo hiki kimelivunja. Juni 1989 Jaji John Walker aliikataa hoja hiyo. Mikataba ilikuwa imeruhusu kampuni kuungana na nyingine mradi atakayebaki aendelee kubeba deni. Waliokopesha ni wataalamu, si wajane wa kijijini. Walijua hatari ya ununuzi wa mikopo, na nyaraka zao za ndani zilionyesha hivyo. Zaidi ya hapo, miaka michache kabla MetLife yenyewe ilikuwa imekubali baadhi ya masharti ya kuzuia deni yaondolewe katika mikopo ya zamani, ikapewa manufaa mengine badala yake. Mahakama isingeweza kumrudishia mtu kwa hukumu kitu alichokiuza kwa hiari.

Binafsi naona jaji alikuwa sahihi, ingawa nimebishana na wenzangu juu ya hili hadi chai ikapoa. Mwenye hatifungani asiye na sharti hulipwa riba kubwa kidogo kwa sababu hana sharti. Huwezi kupokea bei ya kutokuwa na kufuli, kisha ukadai kufuli mwizi akija.

Baada ya hapo mikataba ilibadilika. Lilienea sharti linalosema kwamba kampuni ikibadili mikono, mwenye hatifungani ana haki ya kuirudisha na kulipwa, kwa kawaida dola 101 kwa kila dola 100 za deni. Kwa kampuni zenye daraja zuri, mara nyingi yanahitajika mambo mawili kwa pamoja: umiliki ubadilike, na daraja la ukopaji lishuke. Ni aya chache tu, na kabla ya 1988 zilikuwa nadra.

Tumalizie na mtego mmoja ambao watahiniwa wazuri huuona. Ili meneja afikiri kama mwanahisa, anapewa haki ya kununua hisa baadaye kwa bei ya leo. Hisa zikipanda anafaidi. Zikishuka haitumii haki hiyo, hapotezi. Linganisha na mwenye kampuni wa Lindi: ni umbo lilelile la malipo. Uoga wa meneja unapona, lakini sasa wote wawili wanapenda ufuta, na mdai amebaki peke yake. Dawa ya mgongano mmoja imeuchochea mwingine. Ndiyo maana mdai makini husoma mkataba wa mkurugenzi kabla ya kukopesha. Kinyume chake, meneja ambaye pensheni yake inategemea kampuni kuwa hai miaka ishirini ijayo huwa na moyo wa mdai, na wanahisa humwona mzito.

Na kuna daftari. Masharti mengi hupimwa kwa namba za hesabu: deni lisizidi mara kadhaa ya faida, faida itoshe kulipa riba mara kadhaa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, ila anayeandika daftari ni meneja mwenyewe, yule anayechungwa. Kampuni ikikaribia mstari, utaona gharama zinageuzwa kuwa mali, au mauzo ya Januari yanaandikwa Desemba. Mkaguzi wa nje ni sehemu ya mkataba kwa sababu hiyo.

Ukitaka kujua kama kampuni uliyonunua hisa zake imefika hapo, usianze na ukurasa wa picha za bodi. Nenda kwenye maelezo ya mikopo nyuma ya mizania. Mkopo wa muda mrefu uliohamia ghafla kwenye madeni ya mwaka mmoja, wakati muda wake haujafika, mara nyingi una maana kwamba sharti limevunjwa na benki ina haki ya kudai yote. Tangu Januari 2024, viwango vya kimataifa vya uhasibu vinataka kampuni ieleze pia masharti inayopaswa kuyatimiza ndani ya miezi 12 ijayo pale ambapo kuyakosa kunaweza kuufanya mkopo wake wa muda mrefu udaiwe mapema. Soma hapo kwanza.

Kwa watahiniwa: sihitaji orodha. Niandikie lori, ufuta, na ile 180 imetokea wapi, kisha niambie nani aliyeilipa ile milioni 10. Nakupa alama zote.